Umbo la Insha Halimtii Mtu Hatiani

Wanangu mnaosahihisha insha za fasihi za Kidato cha Tatu na cha Nne, nina neno nanyi. Nimeiona tabia inayoenea katika vyumba vyenu vya walimu na inanikosesha raha. Mwanafunzi analeta kazi ya nyumbani iliyonyooka kuliko alivyozoeleka. Mwalimu anashtuka, anachukua simu, analipeleka swali lilelile kwenye akili mnemba, anapata jibu, kisha anaziweka karatasi mbili pamoja. Utangulizi unafanana, hoja zinafanana, mhusika aliyetajwa ni yuleyule. Basi, kalamu nyekundu inaandika sifuri na mtoto anaitwa ofisini kama mwizi.

Kulinganisha kazi ya mwanafunzi na majibu ya mashine si jambo baya. Likifanywa sawasawa, linaweza kumwonesha mwalimu mambo ambayo macho peke yake hayayaoni. Lakini lina masharti yake, na ninyi mnayaruka. Anayelipa gharama ya kuruka huko ni mtoto wa watu ambaye hana wa kumtetea.

Anzeni na umbo. Swali la fasihi kwa kawaida humwambia mwanafunzi atumie riwaya mbili alizosoma na atoe hoja tatu kwa kila moja. Tangu siku ya kwanza tumemfundisha kwamba aanze na utangulizi unaofafanua neno kuu la swali, ataje vitabu na waandishi, aingie kwenye kiini, kila hoja iwe na aya yake na mfano kutoka kitabuni, kisha ahitimishe kwa kusema waandishi wamefanikiwa kwa kiasi gani. Asipofanya hivyo tunamkata alama. Sasa mashine nayo ikiulizwa swali hilohilo inatoa utangulizi, aya sita na hitimisho. Mwalimu anayeona hapo ushahidi wa wizi amesahau kwamba umbo hilo amelifundisha yeye mwenyewe ubaoni. Insha mbili zilizofuata agizo moja lazima zifanane kwa umbo, hata kama waandishi wake hawajawahi kuonana.

Kwa hiyo, kufanana kwa umbo kuna maana pale tu umbo hilo halikuagizwa na swali wala halikufundishwa darasani. Mwanafunzi akigawa insha ya fasihi katika vichwa vidogo ambavyo hamkumfundisha, au kila aya yake ikifungwa kwa sentensi ya kujumlisha ambayo wenzake hawaiandiki, hapo kuna kitu cha kutazamwa. Kitazameni tu. Msikihukumu.

Sasa tuje kwenye mifano, maana ndiko kwenye uzito na ndiko mnakopotea zaidi.

Niwape kisa kimoja ambacho kijana mmoja wa kazi yetu aliniletea nimsaidie. Swali lilikuwa la kujadili kauli kwamba mwanamke ni mhimili wa familia, kwa kutumia riwaya mbili. Binti aliyeshukiwa alikuwa ametumia Takadini ya Ben Hanson na Watoto wa Maman'tilie ya Emmanuel Mbogo. Mwalimu alikuwa na jibu moja la mashine mkononi na alikuwa na hakika kabisa. Aliniambia, "Mzee, tazama mwenyewe. Wote wawili wanasema Sekai alikimbia na mwanawe kumwokoa asiuawe kwa sababu ya ualbino. Wote wawili wanasema Maman'tilie alipika na kuuza chakula huku mumewe Lomolomo akinywa pombe. Na Peter na Zita kufukuzwa shule, wote wametaja."

Nilimuuliza swali moja: "Katika darasa lako, ni nani aliyesoma Takadini asimtaje Sekai kukimbia?"

Alikaa kimya, kwa sababu hakuna. Kukimbia kwa Sekai ndiyo riwaya yenyewe. Ukimwondoa mama yule na kichanga chake mgongoni, kitabu hakibaki. Vilevile huwezi kuizungumzia riwaya ya Mbogo bila chakula cha Maman'tilie, ulevi wa Lomolomo na watoto wanaofukuzwa shule kwa kukosa karo na sare hadi wakaishia jalalani. Mifano hiyo ni ya kitabu. Kila aliyekigusa kitabu anayo, kila mwenye madesa anayo, na mashine inayo. Kukutana kwao hapo hakutuambii lolote kuhusu nani amenakili kwa nani.

Tulichofanya ndicho ninachotaka mkijue, maana ndiyo njia yenyewe.

Kwanza, jibu moja la mashine halitoshi. Mashine hizi hupanga maneno kwa kuchagua kati ya mengi yanayowezekana, kila moja kwa uzito wake, na ndiyo maana swali lilelile likirudiwa huleta jibu jingine. Ukiwa na jibu moja huwezi kujua lipi ndani yake ni mazoea ya mashine na lipi limetokea kwa bahati ya safari ile. Ukiwa na majibu sita, mazoea yanajitokeza yenyewe, kwa kuwa kinachorudi katika matano kati ya sita si bahati tena. Swali lazima liwe lilelile neno kwa neno, kama lilivyoandikwa kwenye karatasi ya mwanafunzi, na kila jibu litokane na mazungumzo mapya, kwa sababu mashine ikiendelea na mazungumzo ya zamani huwa inajiiga au inajikwepa kwa makusudi. Baadhi ya majibu yapatikane kwa maelekezo ambayo mwanafunzi angeyatumia kweli, kwa mfano kuomba Kiswahili chepesi cha kidato cha nne. Msitumie mashine moja tu, maana wanafunzi hawatumii moja.

Pili, na hili ndilo mnalolisahau karibu wote, linahitajika fungu jingine la kulinganishia: insha za wanafunzi ambazo tuna hakika hazikuguswa na mashine. Mahali pa kuzipata ni kwenye mitihani iliyoandikwa kwa mkono chini ya usimamizi, bila simu. Kijana yule alikuwa na karatasi za mtihani wa utamilifu kabatini, na katika mtihani ule swali la mwanamke lilikuwepo kwa maneno yanayokaribiana sana. Tulichukua sita. Bila fungu hili ulinganisho wote hauna mguu wa kusimamia. Utajua kwamba mwanafunzi anafanana na mashine, lakini hutajua kama anafanana nayo kuliko mwanafunzi mwingine yeyote anavyofanana nayo.

Tulichora jedwali kwenye karatasi ya kawaida. Upande wa kushoto tuliandika kila jambo tulilolikuta katika majibu ya mashine: hoja, mpangilio wake, mfano, jina la mhusika, na kosa. Safu ya pili ilihesabu limo katika majibu mangapi ya mashine, na ya tatu limo katika insha ngapi za mtihani. Jedwali hilo tulilimaliza kabla ya kuifungua tena insha ya binti. Nawaomba mshike hapo. Anayeanza na insha ya mtuhumiwa kisha akaenda kutafuta mifanano ataipata tu, kwa kuwa katika maneno mia tano halikosekani la kufanana, na yale yasiyofanana atayapita bila kuyaona.

Mengi yalijifuta yenyewe. Kukimbia kwa Sekai kulikuwa katika majibu yote sita ya mashine na katika insha zote sita za mtihani. Uzito wake ni sifuri. Utangulizi unaofafanua "mwanamke" ulikuwa hivyohivyo. Hitimisho la kuwasifu waandishi nalo. Hata zile sentensi kijana alizodai zinanuka mashine, za kuita mwanamke nguzo ya jamii, zilijaa katika karatasi za mtihani, kwa sababu madesa yetu yamekuwa yakiandika hivyo tangu zamani, kabla ChatGPT haijatoka mwishoni mwa 2022.

Likabaki jambo moja lililotushtua. Majibu manne ya mashine yalisema Sekai alihangaika kumsomesha Takadini, na kwamba mtoto alidhihakiwa na wanafunzi wenzake shuleni. Aliyesoma riwaya anajua hakuna shule pale. Hadithi imewekwa katika kijiji cha jadi cha Washona huko Zimbabwe. Takadini anakua akijifunza kupiga mbira, wala hakai kwenye dawati. Mashine ilikuwa haijui kitabu vizuri, ikajaza pengo kwa kisa cha kawaida cha mtoto mwenye ualbino anayeteswa shuleni. Na insha ya binti, katika hoja yake ya tatu, ilikuwa na shule ileile.

Kijana alipiga meza. Namwelewa. Kosa likishirikiwa lina uzito kuliko ukweli ukishirikiwa, kwa kuwa ukweli watu wengi wanaufikia kila mmoja kwa njia yake, bali kosa la namna hiyo halizuki vichwani mwa watu wawili kwa urahisi. Wahakiki wa miswada ya kale hufanya kazi kwa kanuni hiyo: nakala mbili zikiwa na kosa moja la ajabu, zina asili moja. Lakini kanuni hiyo hiyo ina nusu ya pili ambayo kijana hakuifikia. Kosa linaonesha kwamba kuna asili moja. Halioneshi asili hiyo ni ipi, wala kama mmoja amechukua kwa mwingine au wote wamechukua kwa mtu wa tatu.

Ndipo safu ya tatu ya jedwali ilipotuokoa. Insha mbili kati ya sita za mtihani, zilizoandikwa kwa mkono mbele ya msimamizi, nazo zilikuwa na shule ya Takadini. Wale hawakuwa na simu mle ndani. Walikuwa wameipata wapi? Tulipouliza darasani kwa upole, bila kumtaja mtu, yakaletwa madesa ya kurasa chache yaliyochapwa na kudurufiwa, yaliyokuwa yakizunguka bwenini tangu mwanzo wa muhula. Shule ilikuwemo humo. Nani aliyeyaandika na kwa msaada wa nini, hatukupata kujua. Lakini njia ambayo kosa lilimfikia binti ilikuwa wazi, na haikulazimu apite kwenye mashine.

Tazameni sasa tungefika wapi kwa jibu moja la mashine na bila karatasi za mtihani. Tungemwadhibu kwa jambo ambalo ushahidi haukulionesha, na tungekosa kuona tatizo lililokuwepo kweli: nusu ya darasa ilikuwa haijasoma Takadini, bali ilikariri madesa yenye uongo ndani yake. Nakala za kitabu katika shule ile zilikuwa chache kuliko wanafunzi. Hilo ndilo lililostahili kikao cha idara.

Kuna jambo la hesabu hapa ambalo halihitaji mtaalamu. Insha sita za mtihani ni kidogo. Chukulieni kwamba mwanafunzi mmoja kati ya watano hutaja jambo fulani. Uwezekano kwamba jambo hilo litakosekana kabisa katika insha sita ulizookota ni karibu mara moja kati ya nne. Yaani utaandika sifuri kwenye safu ya darasa na kudhani hakuna anayeliandika, kumbe wapo wengi. Ukiwa na insha 20, uwezekano huo unashuka hadi karibu mara moja kati ya mia. Sisi tuliponea kwa bahati njema kwamba shule ya Takadini ilijitokeza katika zile sita. Msitegemee bahati. Mkiwa mnataka kumtia mtu katika kesi ya nidhamu, chukueni insha zote za mtihani mlizo nazo.

Na mnapohesabu, msihesabu kitu kimoja mara mbili. Kijana aliwahi kuniambia kwamba mifanano ni saba. Nilipoitazama orodha, hoja ya ujasiri wa mwanamke aliihesabu moja, mfano wa Sekai kukimbia akauhesabu wa pili, kuokoa uhai wa mtoto akauhesabu wa tatu. Hayo ni jambo moja. Anayechagua hoja ya ujasiri katika riwaya ile atamtaja Sekai, na akimtaja Sekai atataja kuokoa mtoto. Uliza kila mara: nikijua hili, je, lile linafuata lenyewe? Kama linafuata, hesabu moja. Mifanano saba ya kijana ilibaki miwili.

Kitu kingine nilichomfundisha ni kuficha jina. Tulipata mwalimu wa shule jirani asiyewajua wanafunzi, tukampa insha tano za kazi ya nyumbani zenye namba badala ya majina, ya binti ikiwa mojawapo, pamoja na jedwali, aweke alama penye kila jambo lililomo. Aliporudisha, ya binti haikuwa ya kwanza kwa mifanano. Ya kwanza ilikuwa ya mvulana ambaye hakuna aliyemshuku, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa na makosa ya tahajia hapa na pale, na alikuwa ameanza utangulizi kwa namna yake mwenyewe. Ndani ya aya zake zilikuwemo hoja tatu zilizofuatana kwa mpangilio ambao mashine iliurudia katika majibu matano kati ya sita, na ambao haukuwa katika insha yoyote ya mtihani wala katika madesa. Na katika hoja mojawapo palikuwa na mhusika wa kike ambaye hayumo katika riwaya ya Mbogo, mwenye jina lilelile lililozushwa na mashine katika majibu mawili.

Hilo lilikuwa na uzito. Hata hivyo, nilimkataza kijana asimwandikie sifuri. Jedwali lilitupatia sababu ya kuuliza, na kuuliza kuna namna yake. Humwiti mtoto na kumwambia "umenakili." Unakaa naye na insha yake, unamwambia, "Mwanangu, hapa umemtaja mama huyu. Nisimulie zaidi. Anatokea sehemu gani ya hadithi? Baadaye alifikia wapi?" Kisha unauliza jambo ambalo haliko kwenye insha lakini aliyesoma kitabu hawezi kulikosa, kama vile Peter na Zita walikuwa wakitafuta nini jalalani. Binti, tulipokaa naye kwanza, alibabaika kwa Takadini, akakiri hajawahi kukishika kitabu. Tulipoingia kwa Maman'tilie alisimulia mpaka tukamwomba apumzike. Kitabu hicho alikuwa amekisoma, na hoja zake tatu za upande ule zilikuwa zake. Mvulana hakuweza kusema mama yule ni nani wala kuongeza sentensi moja juu yake. Aliandika insha upya kwa mkono, chini ya usimamizi, juu ya swali jingine kutoka riwaya hiyohiyo, na alama yake ikatoka huko.

Kosa la upande wa pili pia mlijue. Insha isiyofanana na majibu yoyote ya mashine haijasafishika kwa sababu hiyo. Mwanafunzi mjanja hubadilisha maelekezo, huomba hoja zisizo za kawaida, huchukua mpango tu kisha akaandika maneno yake, au huchanganya majibu matatu. Ulinganisho huu unamnasa mvivu aliyenakili jibu la kwanza. Aliyejibidiisha kuficha haumpati.

Wala msiukimbie usumbufu huu kwa kutumia vile vifaa vya kupima asilimia ya maandishi ya mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu saba kwa insha za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo za binadamu ziliitwa kazi ya mashine. Vifaa hivyo hushuku maandishi yenye msamiati wa kawaida na sentensi za kutabirika. Mwanafunzi wetu aliyefundishwa mwanzo hadi mwisho namna moja ya kufungua na kufunga aya anaandika hivyo hasa.

Kwa hiyo fanyeni kazi yenyewe, hata kama inakula alasiri nzima. Majibu ya mashine mkiyapata, yachapeni na muandike tarehe, jina la mashine na maneno kamili ya swali, kwa kuwa mashine hubadilishwa mara kwa mara na majibu ya Machi huenda yasirudi Oktoba. Swali jipya, majibu mapya na jedwali jipya. Karatasi za mitihani ya mkono msizichome mwisho wa mwaka kama ilivyo desturi yetu. Wekeni walau mtihani mmoja wa kila mwaka kwa kila kitabu cha kiada, majina yakiwa yamekatwa. Na mwanafunzi akiitwa, jedwali liwepo mezani, lenye safu zote tatu, na yeye aoneshwe, pamoja na mzazi wake akitaka.